Naomba ushauri: kipimo cha biashara ya samaki Lamu kabla ya kununua friza

Assalam aleikum ndugu zangu. Nataka kuwauzia samaki waliosafishwa nyumba za Mkomani na Langoni, mteja aagize usiku, apelekewe asubuhi. Kabla ya kukopa pesa za friza nimepanga jaribio la wiki nne: kundi la Wasap, kisanduku cha barafu na kijana wa kupeleka, basi.

Dhana zangu ni mbili. Ya kwanza, watu watatoa arubuni ya shilingi 200 kwa M-Pesa kabla hawajaona samaki. Ya pili, aliyenunua atarudi bila kukumbushwa. Sihesabu wanaosema "wazo zuri", kwa sababu sifa hazilipi barafu.

Nitawauliza watu 40. Wakilipa 12 au zaidi, na nusu yao wakaagiza tena ndani ya siku 14, naendelea. Wakilipa wasirudi, tatizo ni samaki au upelekaji, kwa hiyo nabadilisha huduma. Wakilipa chini ya 6, naacha nyumba na kujaribu mikahawa.

Nimekwama hapa: wakilipa kati ya 6 na 11 nifanye nini? Naogopa nikiamua wakati huo nitajipendelea, ndiyo maana nataka kuandika sheria sasa. Tena kusi ikivuma samaki huadimika, na agizo nisiloweza kulitimiza litaonekana kama mteja hakurudi. Je, maagizo hayo niyahesabu kando, au nisubiri kaskazi? Waliowahi kupima hivi, naomba mnieleze.