Orodha ya wapiga kelele: tuzuie mapema au tuadhibu baadaye?

Mwalimu wa Gredi ya 5, Likoni:
Nina wanafunzi 58. Nikitoka darasani, monita huandika majina ya wapiga kelele, nami nikirudi huwapa adhabu ya kufagia. Majina ni yaleyale kila wiki na kelele ni zilezile. Mwenzangu aniambia kosa ni langu, ningezuia kabla halijatokea. Mwaonaje?

Mwalimu mstaafu, Changamwe:
Mwanangu, nimefundisha miaka 31. Siku ya kwanza ya muhula chagua mmoja anayejifanya jogoo, mkemee mbele ya wote mpaka atulie. Wale 57 watajirekebisha wenyewe bila wewe kuwagusa. Kiboko sikitetei, sheria imekikataza, lakini sauti ya mwalimu haijakatazwa. Ukianza kwa upole, muhula wote utakuwa wa kubembeleza.

Mkufunzi wa walimu, Tudor:
Shikamoo mzee. Unalolisema si la kubeza, maana utafiti mmoja mashuhuri wa jambo hili ulianzia hapohapo. Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani, alimkemea mwanafunzi wake wa chuo aliyekuwa akisoma gazeti wakati wa somo. Akaona wengine, ambao hata hakuwataja, wamekaa sawa. Akataka kujua ni kemeo la namna gani linalofika mbali hivyo.

Kwa watoto wa chekechea aliona kwamba kemeo lililo wazi, linalotaja kosa na kinachotakiwa, liliwasaidia waliokuwa wakitazama. Kemeo la ukali halikuwaongezea utiifu. Liliwatia wasiwasi, wakaacha hata kazi waliyokuwa wakiifanya. Alipowafuata wanafunzi wakubwa, hata tofauti hiyo hakuipata kwa uhakika.

Baadaye akarekodi madarasa ya shule za msingi kwa vidio, akatoa matokeo yake mwaka 1970. Ndipo alipoona asilolitarajia: namna walimu walivyokemea, kwa ukali au kwa upole, haikutofautisha darasa tulivu na darasa la vurugu. Tofauti ilikuwa katika jinsi walivyoliendesha somo lenyewe, na kama watoto waliamini kwamba mwalimu anaona kila pembe.

Hilo la kuona alilipima kwa makosa mawili. La kwanza, mwalimu kumkemea asiyehusika, au anayefuata mkumbo huku aliyeanzisha akiachwa. La pili, kuchelewa mpaka kosa limeenea au limekuwa kubwa zaidi. Sasa, mwalimu wa Likoni, itazame orodha yako. Adhabu yaja nusu saa baada ya kosa, na anayeamua nani mkosaji ni mtoto wa miaka 11 mwenye marafiki na maadui zake. Yaelekea makosa yote mawili yamo ndani ya karatasi hiyo.

Kwa hiyo usichukue kuzuia na kujibu kama njia mbili za kuchagua moja. Neno dogo kwa mtoto anayehusika, kelele zikiwa bado za dawati moja, ni jibu na pia ni kinga. Ila kwanza niambie: kelele zaanza dakika gani, na wewe wakati huo wafanya nini?

Mzazi, Kisauni:
Mimi langu ni hiyo orodha. Mwanangu yuwaandikwa kila wiki tangu alipogombana na monita kwa ajili ya mpira. Sasa hata akinyamaza yuwaandikwa, basi aniambia, "Mama, bora nipige kelele kwelikweli." Nyinyi walimu mwazungumza nadharia, lakini mwanangu aja nyumbani na vumbi la ufagio na hataki tena shule. Nimekwenda shuleni mara mbili, naambiwa nimfunze adabu. Nani atakayelifuta jina lake?

Mkufunzi wa walimu, Tudor:
Bi mzazi, umelieleza kuliko mimi. Mtoto aliyeadhibiwa kwa asilolifanya ashajua kwamba mwalimu haoni. Rudi shuleni, usimtetee tabia wala usibishane kuhusu adabu. Omba mwalimu amtazame mwenyewe kwa siku tano, bila karatasi ya monita.

Mwalimu wa Gredi ya 5, Likoni:
Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa natazama. Wiki nzima niliandika saa.

Mahali pa kwanza ni baada ya mapumziko. Waingia wakitoka jasho, nami huwatuma wanne wagawe madaftari 58 ya hesabu. Kugawa kulichukua dakika saba katika kipindi cha dakika 35, na muda huo wote 54 hawana kazi. Kelele zilianza dakika ya pili, kila siku.

Mahali pa pili paliniuma kupaona. Nasema, "Fungeni Kiswahili, toeni hesabu." Wakishatoa nakumbuka jambo: "Hebu, nani hajaleta insha?" Basi waufungua mkoba tena, wabishana, na mimi ndiye niliyewavuruga.

Nilibadilisha mambo machache tu. Madaftari sasa yafungwa kwa safu, mafungu sita, na wa dawati la mbele hulichukua fungu lake mlangoni anapoingia. Ubaoni kuna hesabu mbili nilizoziandika kabla ya kengele, nami nasimama mlangoni badala ya kukaa mezani. Juzi kugawa kulikwisha kwa dakika mbili. Na la insha naliuliza kabla sijasema fungeni.

Majina mengi yametoweka. Wawili wamebaki. Mmoja nimemhamisha kutoka dirishani, ametulia kiasi. Wa pili aja bila kula chochote, na kufikia saa tano ashaanza kumchokoza jirani, hata kazi iwe nzuri vipi.

Mwalimu wa sayansi, sekondari, Mtwapa:
Naomba tusikimbilie kushangilia. Vidio za Kounin zilionyesha mambo yanayokwenda pamoja, hazikuthibitisha kipi kimesababisha kipi. Huenda darasa lenye watoto watulivu humfanya mwalimu yeyote aonekane hodari. Isitoshe, mimi nina 70 kwenye maabara ya 40. Kuona kila pembe, wakati siwezi hata kupita kati ya meza?

Mkufunzi wa walimu, Tudor:
Hoja ya sababu naikubali. Ndiyo maana jaribio la Likoni lina uzito kwangu: watoto ni walewale na mwalimu ni yuleyule, kilichobadilika ni mpangilio. Hata hivyo ni darasa moja kwa siku chache, na huenda upya wenyewe umewavutia. Likidumu mpaka katikati ya muhula, tutajua zaidi. Kuhusu 70 sina jibu la kukupa. Pasipo njia ya kupita, mwalimu hawezi kufika kwenye dawati kosa likiwa dogo.

Mwalimu mstaafu, Changamwe:
Na huyo mwenye njaa? Tuseme leo amempiga mwenzake. Mwafanyaje, mwapanga madaftari?

Mwalimu wa Gredi ya 5, Likoni:
La, mzee wangu, hapo najibu. Namwendea, nataja jina lake kwa sauti ya chini na kazi anayotakiwa kuifanya, kisha namketisha karibu nami. Aliyepigwa namsikiliza pia, na akiumia habari yafika kwa mzazi siku hiyohiyo. Lakini nimeona nikimwahi saa nne na nusu kwa kumpa kazi ya kufuta ubao, mara nyingine hatufiki huko. Mara nyingine twafika. Uji wa saa nne ungesaidia, ila fedha zake hazimo mikononi mwangu.

Na orodha ya monita bado yatakiwa ofisini kila Ijumaa. Wiki hii nimepeleka karatasi tupu. Sijaitwa bado.