Huyu wa setapu ya MB 2 atanitoa roho. Asilimia 97 jamani!!!

Mzee wa Stesheneri
Wakuu habari za jioni, ingawa yangu si njema. Nimefunga duka sasa hivi na mkono bado unatetemeka. Simtaji, mnamjua wenyewe. Yule mwenye programu anayekupa setapu ya MB 2, unaishusha kufumba na kufumbua, unajisemea leo kazi nyepesi, kumbe umepewa funguo tu, nyumba yenyewe iko kwao na unaibeba tofali kwa tofali.

Nina kompyuta 6 zinazonyonya ruta moja ya laini ya simu. Nikaibofya kwenye zote. Duka limejaa wanafunzi wa kujaza fomu za chuo. Ikatambaa, konokono angeshafika Morogoro na kurudi. Ikafika asilimia 97. Laini ikakohoa kidogo tu. Setapu ikaniambia niangalie intaneti yangu, nikabofya kujaribu tena, ikaanza SIFURI. Sio 7 wakuu, 97! Kuna mtoto akacheka. Nimeirudia mara mbili, bando limekwisha, programu sina. 97!

Kibatari
Pole mkuu. Ila kuwasha zote sita kwa mpigo, hapo ulijiroga mwenyewe 😂

Fundi Waya
Mzee, setapu ndogo haina programu ndani. Kila mashine inaifuata upya kwao. Mzigo kamili una ukubwa gani?

Mzee wa Stesheneri
Kama MB 120. Spidi Mbps 2, siku ikiamka vizuri.

Fundi Waya
Basi piga hesabu. Mbps 2 ni kama MB 1 kila sekunde 4. Sita mara 120 ni MB 720, yaani dakika 48 laini isipokohoa hata mara moja, na wateja wako wasiguse kitu. Ungeshusha mzigo kamili mara moja, ni dakika 8, kisha fleshi inazunguka kwenye mashine zote. Mara nyingi upo ukurasa uleule, umefichwa chini kwa maandishi madogo. Tafuta neno "offline" au "standalone". Ukiona faili la MB 2, ujue bado umepewa funguo.

Na usiushushe kwa kubofya tu. Windows 10 za karibuni na 11 zina curl ndani:

```
curl.exe -L -C - -o setup.exe "linki"
```

Laini ikikata, rudia amri ileile kwenye folda ileile, inaendelea ilipoishia. 97 yako ingebaki 97.

Mzee wa Stesheneri
Usinitajie 97.

Dada Kodi
Fundi, hiyo ya kuendelea sio kila mahali. Mimi ilinigomea na kosa namba 33.

Fundi Waya
Kweli dada, hiyo ni seva yao haikubali kutoa faili kuanzia katikati. Hapo hakuna ujanja, shusha usiku duka limefungwa. Ukimaliza, kabla hujaweka kwenye fleshi, pima:

```
certutil -hashfile setup.exe SHA256
```

Linganisha na namba waliyoandika kwenye saiti yao, kama wameiandika. Zikitofautiana, faili limeharibika njiani au si lenyewe.

Kijana wa Toleo Jipya
Mnaidhulumu setapu ndogo. Inakuletea toleo la leo, na inajua yenyewe mashine ni biti 32 au 64. Ya kwenye fleshi ikikaa miezi sita ni makumbusho.

Fundi Waya
Hapo una haki nusu. Ndiyo maana faili langu naliandika tarehe kwenye jina, na biti nachagua mwenyewe. Lakini toleo la leo lililokwama 97 linamsaidia nani?

Mzee wa Stesheneri
NIMESEMA USINITAJIE.

Kibatari
Nilisikia setapu ndogo huficha mzigo kwenye %TEMP%, unaukopi kabla haijaufuta.

Dada Kodi
Nyingine huficha, nyingine zinaleta vipande tu visivyofunguka peke yake. Mimi nilikopi, nikapata takataka.

Mama Bando
Jamani na mimi simu yangu inakula GB 1 kwa siku sijafungua kitu, tatizo ni hiyo setapu?

Kibatari
Mama huo ni uzi mwingine. Zima apdeti otomatiki.

Dada Kodi
Apdeti msinikumbushe! Kompyuta moja pale ofisini ilijiapdeti mchana kweupe, watu wanane tukakaa tunaangaliana.

Kijana wa Toleo Jipya
Iwekee "Metered connection", itapunguza.

Dada Kodi
Niliweka. Kuna mtu akaitoa. Tunamjua.

Mama Bando
Na hiyo otomatiki inazimwa wapi?

Kibatari
Mzee, yule mtoto aliyecheka alijaza fomu wapi sasa?

Mzee wa Stesheneri
Duka la jirani.