Utafiti wa chuo KIMOJA, hitimisho la vyuo VYOTE. Imetosha sasa!

Kipimajoto ameandika:

Wakuu, nimechoka. Unafungua tasnifu, kichwa kinasema "Sababu za Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Tanzania Kuchelewa Kuhitimu". Unafika sura ya tatu unakuta dodoso limegawiwa chuo kimoja, tena kampasi moja, kwa wanafunzi waliokuwepo darasani siku hiyo. Halafu sura ya tano inapendekeza wizara ibadilishe sera nchi nzima!

Ukiuliza, unaonyeshwa fomula ya Yamane kama ngao, e ikiwa ni kiwango cha kosa kinachovumiliwa:

```
n = N / (1 + N * e^2)
20000 / (1 + 20000 * 0.05^2) = 392
```

Ndugu zangu, hiyo N ya 20,000 ni wanafunzi wa chuo hicho hicho! Fomula inakwambia uhoji wangapi ili uwasemee hao 20,000, na hata hapo ni iwapo uliwachagua kwa bahati nasibu kutoka orodha ya usajili. Ukihoji waliokuwepo darasani, umewaacha watoro na walioahirisha mwaka, yaani wale wale wanaochelewa kuhitimu. Kwa hiyo hata chuo chako hujakisemea, sembuse cha jirani.

Na vyuo havifanani. Chuo Kikuu Huria mwanafunzi anasoma kwa mbali, wengi wao wana kazi. Kwingine mtu analala bweni, maktaba iko hatua mia moja. Ukigundua kwamba "umbali wa makazi" ndio unaochelewesha watu kwenye chuo chenye mabweni machache, utaupeleka wapi ugunduzi huo kwenye chuo ambacho karibu wote wanalala ndani? Wasimamizi wanasaini tu. Inauma.

Chapakazi:

Hasira zako nazielewa ila unakuza jambo. Tatizo ni sampuli ndogo. 392 ni wachache, ahoji 2,000, matokeo yatakuwa na nguvu na hakuna atakayebisha.

Mama Takwimu:

Chapakazi, uko sahihi nusu. Wengi zaidi wanasaidia ukitaka kukijua chuo hicho kwa usahihi. Ukitaka kujua vyuo kwa ujumla, kinachohesabika ni idadi ya vyuo, na wewe unacho 1.

Tupige hesabu. Tuseme asilimia 5 tu ya tofauti zote kati ya wanafunzi inatokana na chuo wanachosoma: ada, ratiba, ukali wa kusahihisha, mabweni. Namba hiyo nimeiweka kwa mfano, ya kwenu itafuteni kwenye data. Wanafunzi wa chuo kimoja wanafanana kidogo, kwa hiyo kila unayemwongeza anakuletea habari ambayo sehemu yake unayo tayari. Sampuli yako ina uzito huu, n ikiwa ni wote uliowahoji, m wanafunzi kwa kila chuo, na rho ile asilimia 5, yaani 0.05:

```
n_eff = n / (1 + (m - 1) * rho)

chuo 1,   m = 392:   392 / 20.55   = 19
chuo 1,   m = 2000:  2000 / 100.95 = 20
vyuo 20,  m = 20:    400 / 1.95    = 205
```

Umeongeza madodoso 1,608 ukapata uzito wa mtu mmoja zaidi. Ungehoji 20 tu kwa kila chuo, vyuo 20, ungekuwa na uzito zaidi ya mara kumi. Na hapo nimekuhurumia, nimechukulia kwamba hicho chuo kimoja kilichaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa kawaida kimechaguliwa kwa sababu mtafiti anasoma hapo.

Chapakazi:

Sawa mama, hiyo 19 dhidi ya 20 imenishika. Lakini nani ana nauli ya vyuo 20?

Kahawa Chungu:

Msidhani ni tatizo la tasnifu za kwetu tu. Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, kilisifika kwa mfumo wake wa ushauri kwa wanafunzi ulioanza 2012, ambapo kompyuta inafuatilia alama na usajili, ikiona dalili mbaya mshauri anamtafuta mwanafunzi. Wahitimu waliongezeka, vyuo vingine vikatamani.

Ndipo likafanyika jaribio la MAAPS. Vyuo vikuu 11 vya umma, Georgia State ikiwemo, pamoja na Arizona State, Ohio State, Purdue na vingine. Wanafunzi zaidi ya 10,000 walioanza 2016, wa kipato cha chini au wa kwanza kwenye familia zao kufika chuo kikuu. Kura ikaamua nani apate ushauri wa karibu na nani abaki na huduma ya kawaida. Matokeo: Georgia State walipiga hatua kwenye alama na masomo waliyofaulu. Ukivijumlisha vyuo vyote, hakuna tofauti ya maana iliyoonekana.

Kwa maoni yangu, swali la kwanza ni "huduma ya kawaida" ilikuwa nini kila mahali. Kama chuo tayari kinawashauri watu vizuri, ushauri wa ziada unaongeza kidogo. La pili, Georgia State walikuwa na miaka kadhaa ya kuuzoea mfumo huo, wengine wakaanza upya. Aliyesoma Georgia State peke yake angeapa kwamba dawa imepatikana.

Kipimajoto:

Hapo ndipo ninapopataka! Na sisi tunabeba hitimisho bila hata jaribio.

Mama Takwimu:

Ila tusiende upande wa pili tukasema kitu cha chuo kimoja hakihami kamwe. Mpango wa ASAP, wa kuwasaidia wanafunzi wahitimu, ulianza kwenye vyuo vya miaka miwili vya CUNY, chuo kikuu cha jiji la New York. Baada ya miaka mitatu asilimia 40 walihitimu, dhidi ya 22 kwenye kundi la kulinganisha. Ukapelekwa vyuo vitatu vya Ohio, ukapimwa tena kwa kura: 35 dhidi ya 19.

Angalieni walichobadilisha. New York mwanafunzi alipewa kadi ya treni na basi. Ohio watu wanaendesha magari, wakapewa kadi ya dola 50 kwa mwezi ya mafuta au chakula. Kadi ilibadilika, kazi yake ikabaki: kumwondolea mtu kikwazo cha kufika na kumpa sababu ya kuendelea kuonana na mshauri. Ada, vitabu na sharti la kusoma muda wote vilibaki.

Binti Kigamboni:

Samahani wakuu, mimi natetea tasnifu wiki ijayo. Data yangu ni chuo kimoja na Cronbach's alpha ni 0.84. Hiyo si inatosha kuonyesha inatumika vyuo vyote?

Mama Takwimu:

Hapana binti yangu. Alpha inasema maswali ya dodoso lako yanakwenda pamoja kwa hao uliowahoji. Haisemi lolote kuhusu chuo kingine.

Fanya hivi kabla ya wiki ijayo. Weka chuo kimoja kwenye kichwa. Sura ya tatu eleza chuo hicho kwa namba: wangapi wanakaa bweni, wangapi wana mkopo, ada, wanafunzi kwa mhadhiri. Kisha panga waliojibu kando ya orodha ya usajili kwa jinsia, mwaka na programu, waonekane waliokosekana. Sura ya tano, taja sababu unayoamini imeleta matokeo na uandike ni chuo cha aina gani kingeipata sababu hiyo na cha aina gani kisingeipata.

Binti Kigamboni:

Msimamizi alisema nikibana kichwa hivyo wataniambia utafiti ni mdogo.

Mwandamizi:

Na wengine wetu tunafanya uchunguzi kifani, hatuhesabu vichwa. Chuo kimoja kikichimbwa kwa kina kinafundisha. Kujumlisha si kazi yetu, ni ya msomaji atakayelinganisha na kwake.

Kipimajoto:

Nakubali iwapo umempa msomaji maelezo ya kulinganishia. Ila mbona sura zenu za tano nazo zinaiandikia wizara?

Mwandamizi:

Kwa sababu mwongozo wa chuo unadai mapendekezo ya sera. Tukiyaacha tunarudishiwa kazi.