Ushauri: Niuze printa ya 1440 dpi nichukue ya 5760?

BintiStudio (mwanzisha uzi)
Wakuu, naombeni msaada, usingizi siupati. Nina studio ndogo Morogoro, naprinti picha za mahafali. Printa yangu ni ya wino, imeandikwa 1440 x 720 dpi. Picha za A4 zinatoka na ukungu, na kingo za kofia za wahitimu zina ngazingazi. Wazazi watatu wamezirudisha. Nimeona printa ya 5760 x 1440, muuzaji anasema ni bora mara nne. Niichukue?

MzeeWaRimu
Mimi naprinti mitihani kwa leza. Nilitoka 600 nikaenda 1200, na kwenye maandishi sikuona tofauti mpaka nilipochukua lenzi. Hela ile ningenunua rimu.

KakaDizaini
Dada, usinunue kitu. Fungua picha kwenye programu ya kuhariri, badilisha 72 uandike 300, halafu printi. Kwisha.

FundiNozeli
Kaka, hapo umepatia nusu. Ukiandika 300 bila kuongeza pikseli, umebadilisha ukubwa wa karatasi tu. Ukiziongeza, programu inakisia za katikati. Sura ambayo haikuwemo haitarudi.

Dada, swali moja kwanza: picha ndogo za inchi 4 kwa 6 nazo zina ukungu?

BintiStudio
Hapana, hizo ziko safi kabisa. Ni A4 tu. Na karatasi natumia ya picha, ya kung'aa, si ya rimu.

FundiNozeli
Basi printa haina kosa. Picha zinakufikiaje?

BintiStudio
Kwa simu, kama kawaida.

FundiNozeli
Kawaida ipi?

BintiStudio
Wazazi wananitumia kwenye grupu, nazipakua. Lakini kwenye kioo cha simu zinaonekana safi jamani! Na muuzaji ni mtu mzoefu. Halafu niseme ukweli, nimeshampa malipo ya awali.

MamaKaisi
Mwanangu, hela unatoa kwanza, ushauri unaomba baadaye? Siku nyingine anza na sisi.

JichoLaTatu
Naona hii stori imetungwa. Mwenye studio asijue picha za grupu zinabanwa? Huyu ndiye muuzaji, anatangaza mzigo wake. Kama ni kweli, tuwekee vipimo vya faili moja.

BintiStudio
Sijatunga chochote, na imeniuma. Nimefungua sasa hivi sehemu ya maelezo ya picha. Imeandikwa 1600 x 1200.

FundiNozeli
Asante, hiyo namba ndiyo jibu lako. Upande mrefu wa A4 ni inchi 11.7. Gawa 1600 kwa 11.7, unapata pikseli kama 137 kwa kila inchi. Kwenye picha ndogo unagawa kwa 6, unapata 267, ndiyo maana ziko safi. Picha ya kushikwa mkononi inataka karibu 300. Kamera ya simu ikitoa 4000 x 3000, A4 unapata 342, na hiyo 1440 yako inaitoa vizuri tu.

Namba ya printa inahesabu kitu kingine. Printa ina wino wa rangi chache, kwa hiyo kila pikseli ya ngozi ya mtu inaitengeneza kwa kunyunyiza nukta nyingi za rangi tofauti. Na ile 5760 ni mahali ambapo kichwa kinaweza kudondosha wino ndani ya inchi moja, yaani kila baada ya milimita 0.0044. Lakini tone likishatua linaenea, linaweza kufika milimita 0.03 au zaidi. Ni kama kupiga hatua fupi ukiwa umevaa viatu namba 45: hatua zimesogeleana, unyayo ni uleule.

JichoLaTatu
Kwa hiyo 5760 ni uongo?

FundiNozeli
Si uongo. Kwenye karatasi nzuri ya picha, nukta zikipandana hivyo, anga na mashavu hubadilika rangi taratibu bila chengachenga. Ila inaprinti polepole, na kwenye karatasi ya rimu wino unasambaa, hutaona faida yoyote. Dada, mwombe mzazi mmoja akutumie faili kama dokumenti, si kama picha. Liprinti A4 kwa printa hiyohiyo, uziweke picha mbili kando kwa kando.

BintiStudio
Dada yangu, JichoLaTatu, nimekusamehe. Nimefanya jana jioni. Faili lilikuja 4000 x 3000. Kofia imenyooka, hata nyuzi za kishada zinahesabika. Ila uso umekuwa mwekundu kidogo.

FundiNozeli
Huo wekundu ni habari ya rangi, si dpi. Angalia kama umechagua aina sahihi ya karatasi kwenye mipangilio, halafu utuambie wino ni wa aina gani.

BintiStudio
Wino ni wa kujaza, wa chupa. Karatasi nitaangalia. Tatizo ni wale wazazi watatu: wawili wameshafuta picha kwenye simu zao. Nao niwaprintie ndogo niwarudishie tofauti ya hela? Na muuzaji hapokei simu tangu asubuhi.