Wakala kakosea jina la mama kwenye tiketi, halafu anataka nilipe mimi!

Kijana_wa_Temeke: Wakuu, nina hasira hapa. Mama anakwenda Manchester kutoka Dar, anabadilisha ndege njiani, na kipande cha pili ni cha shirika jingine. Wakala nilimtumia picha ya pasipoti, inasomeka wazi MWANAIDI. Tiketi imekuja MWANAHIDI. Nikampigia jioni ileile, akasema "tutashughulikia kesho". Kesho yake ananigeukia: jina halibadilishwi, lipa tofauti ya nauli. Hiyo H nimeiweka mimi? Namba ya pasipoti ni yake, tarehe ya kuzaliwa ni yake, herufi moja inamzuiaje?

Msafiri77: Punguza presha mkuu. Hadi herufi tatu wanaruhusu. Aende tu uwanjani.

Dada_Kaunta: Usimpeleke hivyo. Herufi tatu ni kiwango ambacho baadhi ya mashirika hukubali *kurekebisha*, na lazima yarekebishe kabla. Kaunta tunapitisha pasipoti kwenye mashine, inasoma ile mistari miwili ya chini yenye `<<<`. Jina hilo ndilo linalotumwa uhamiaji wa huko aendako kabla ndege haijaruka. Abiria akikataliwa kule, shirika ndilo linalomrudisha na mara nyingi linapigwa faini, ndiyo maana kaunta hatubahatishi.

Wakala wako kakuponza jioni ile. Tiketi iliyokatwa leo kwa kawaida anaweza kuifuta leoleo kabla ya saa sita usiku na kukata upya. Ikishalala, ni lazima aombe shirika.

Mama_Wawili: Yangu imeandikwa ASHAMRS, neno moja! Nayo ni kosa?

Dada_Kaunta: Hapana dada, hiyo MRS ni cheo, mfumo unaibandika hivyo.

Kijana, mwambie wakala aombe NAME CORRECTION, si NAME CHANGE. Kubadili jina ni kumpa mtu mwingine tiketi, hilo wanakataa ili watu wasinunue za bei rahisi wakaziuza. Ambatisha picha ya pasipoti. Ugumu wako ni shirika la pili: jina likirekebishwa, mara nyingi kipande chao kinabidi kifutwe na kuwekwa upya, na nafasi ya nauli ya zamani inaweza kuwa imekwisha. Tofauti anayodai inatokea hapo. Wakimaliza, omba namba ya bukingi ya kila shirika, uangalie jina kote kuwili. Tiketi ikikatwa upya, ile namba ya tarakimu 13 itabadilika.

Kijana_wa_Temeke: Asante dada. Nimempigia sasa hivi. Shirika la kwanza limekubali bila malipo, la pili halijajibu, na bado anasema ikitokea tofauti ni juu yangu. Picha niliyomtumia na saa niliyompigia ninavyo kwenye simu. Silipi. Nani aliwahi kumbana wakala akalipa mwenyewe? Alianzia wapi?

Msafiri77: Mimi tulilipa nusu kwa nusu.

Dada_Kaunta: Usikubali nusu kabla shirika la pili halijajibu.