Tupeane uzoefu: mlinzi wa supamaketi akikushuku umeiba

Uyole_Juu: Jana pale Mwanjelwa binti kawekwa stoo masaa mawili kisa chupa ya mafuta ya kupaka. Mlinzi kampokonya mkoba, wakamsubiri meneja atoke Uyole. Mwishowe risiti ikaonekana mfukoni mwa sweta. Walioyaona haya washushe nondo.

Kabwe_Stendi: Mlinzi ana masaa 24 ya kukushikilia. Halafu mlango ulikuwa na kufuli? Kama hakuna, hajafungiwa mtu.

Mzee_wa_Matola: Hayo 24 ni ya polisi, kijana. Mlinzi wa kampuni mbele ya sheria ni raia tu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kufuli halihitajiki. Mkoba wenye simu na nauli ukiwa mikononi mwa mlinzi, naye kasimama mlangoni, huyo binti angeondokaje? Kumzuia kulianzia hapo. Angezuiwa mlango mmoja na mwingine uko wazi mbele yake, hapo kesi ingekuwa dhaifu. Kumpapasa bila ridhaa yake ni dai jingine kabisa, hata kama hakuachiwa alama. Na kampuni ya ulinzi hudaiwa pamoja na mlinzi, maana alikuwa kazini.

Kihesa_Baridi: Shikamoo mzee. Lakini kumsubiri meneja si kosa. Kesi ya Tims ya Uingereza, 1952, Baraza la Mabwana, mahakama yao ya juu enzi hizo, lilikubali mshukiwa apelekwe kwanza kwa wakubwa wa duka.

Mzee_wa_Matola: Marahaba. Lilikubali kwa muda unaostahili. Meneja wa ghorofani sawa. Wa Uyole, na polisi wanapigiwa simu tu?

Kihesa_Baridi: Foleni ya Mbeya mahakama nayo itaihesabu 😂 Mimi bado sijashawishika.

Mama_Vitenge: Na sisi wenye maduka? Juzi mteja kaondoka na doti mbili zangu, mnatetea wezi tu!

Kabwe_Stendi: Mama, huyu alikuwa na risiti.

Mama_Vitenge: Wangu hakuwa nayo.

Ilomba_Dada: Ushauri wangu, ukishikwa lipa uondoke, usije ukalala mahabusu.

Mzee_wa_Matola: Usilipe, dada. Wanakuandikisha karatasi ya "nimeiba, nimelipa mara kumi", na ndiyo watakayokuja nayo mahakamani. Sema kwa sauti, mbele ya watu: "Naomba niondoke, au muite polisi." Ukikaa kimya watadai ulibaki kwa hiari yako. Andika saa uliyoshikwa na saa uliyoachiwa. Ukiumizwa, chukua PF3 kabla ya hospitali. Barua ya kuomba picha za kamera ipeleke kesho yake, kwa sababu mashine hujifuta na kurekodi upya. Kufungua kesi una miaka 3.

Uyole_Juu: Na picha yake waliyobandika kaunta?

Kabwe_Stendi: Bado ipo? Kaipige picha kabla hawajaibandua.

Uyole_Juu: Nipo kwenye daladala, naelekea huko.