Riveti za pop kwenye shiti nyembamba ya alumini: 4x6, 4x8 au 4x12?

Fundi_Boksi_Mbagala
Wakuu habari za jioni. Natengeneza boksi la kubebea mikate la bodaboda, shiti ya alumini 0.8 na fremu ya engo ya alumini 1.5. Duka la hapa jirani lina 4x8 na 4x12 tu, 4x6 mpaka niende Kariakoo. Nilijaribu 4x12 kwenye kipande cha pembeni, inavuta vizuri, msumari unakatika tii, lakini ukishika shiti unaona inacheza na riveti yenyewe inazunguka ukiisukuma na kidole. Sasa ninunue ipi, na je nihamie kipenyo cha 3.2 au 4.8?

mzee_wa_karakana
Kwanza jumlisha unachobana, usiangalie shiti peke yake. 0.8 na 1.5 ni 2.3. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Kwenye boksi la riveti huwa wameandika inabana kuanzia unene gani mpaka gani, na za alumini 4x6 nyingi nilizokutana nazo ni kama milimita 1 mpaka 3, 4x8 ni 3 mpaka 5. Kwa hiyo 2.3 yako ni ya 4x6. Ya 12 ni ya vitu vya milimita 7 au 8 huko, ndio maana inacheza.

Na uelewe kwa nini inacheza wakati msumari umekatika vizuri. Kile kichwa cha msumari kwa nyuma kinavimbisha bomba la riveti kikija mbele, kinakuja kinakuja mpaka nguvu inafika kikomo msumari unakatika. Bomba likiwa refu sana nguvu inaisha kabla uvimbe haujafika kwenye engo, unabaki uvimbe umeelea nyuma, hauna unachobana. Kwa mbele huoni kitu. Geuza kile kipande chako uangalie kwa ndani, utakuta shingo ya bomba iko nje kati ya engo na uvimbe.

kibiriti88
Mie nilifundishwa unene jumlisha mara moja na nusu ya kipenyo. 2.3 + 6 = 8.3, kwa hiyo 4x8 ndio yake, sio 6. Hesabu haidanganyi

mzee_wa_karakana
Kibiriti hiyo kanuni ipo na sio ya uongo, watu wanaitumia sana kwa riveti za kugonga na nyundo, na hata kwa pop inakupa mahali pa kuanzia. Shida yake kwenye shiti nyembamba ni kwamba inakupeleka upande wa urefu. Unene ukiwa mkubwa nusu milimita sio kitu, ila hapa kitu chote ni 2.3. Mimi nikikosa boksi la kusoma naongeza kipenyo kimoja tu, 2.3 + 4 = 6.3, nachukua 6. Lakini kiwanda na kiwanda havifanani, kuna wanaotengeneza 4x8 inayoanzia chini ya 3, kwa hiyo maandishi ya boksi yanashinda kanuni yangu na yako.

kibiriti88
Sawa ila mimi nimefunga boksi za hivi kwa 4x8 na ziko barabarani mpaka leo, hazijafumuka. Inategemea na mashine yako pia

Mama_Gata_Tanga
Jamani mie nina gata za alumini zinavuja kwenye maungio, nitumie ya urefu gani isivuje?

mzee_wa_karakana
Dada yangu urefu hautazuia maji. Riveti ya kawaida ina tundu katikati, maji yanapita humo humo hata ikiwa imebana kama chuma. Tafuta zile zilizozibwa nyuma, na upake silikoni kati ya bati na bati kabla hujafunga. Ukipaka juu tu baada ya kufunga utarudi hapa masika.

nahodha_wa_kilindini
Hapa Mombasa shida kubwa si urefu, ni chumvi. Nilipewa mashua ndogo ya alumini mtu alifunga riveti za stenles, akidhani ndizo imara. Kila tundu limezungukwa na unga mweupe, na alumini imeliwa mpaka kichwa cha riveti kinapita. Kwa alumini funga alumini, na hata msumari uangalie, nyingi bomba ni alumini lakini msumari ni chuma, kile kipande kinachobaki ndani kinapata kutu. Nenda na sumaku dukani, ikivuta msumari ujue. Kwa boksi la mikate Dar sijui kama itakusumbua, ila kama bodaboda inalala karibu na bahari…

Fundi_Boksi_Mbagala
Asante mzee. Nimegeuza kile kipande, ni kweli shingo iko nje. Sasa kuna kona shiti mbili zinapandana juu ya engo, halafu kuna bawaba za chuma unene 1.2 zinafungwa kwenye mfuniko ambao nyuma hauna engo, ni shiti tupu. Hapo 4x6 bado?

mzee_wa_karakana
Kona ni 0.8 + 0.8 + 1.5 = 3.1. 4x6 imeshapitwa, hapo ndipo 4x8 yako ya dukani inapata kazi, ingawa uko mwanzoni kabisa mwa kiwango chake. Funga moja kwenye vipande vya majaribio kwanza.

Bawaba usifunge kwenye shiti tupu. Uvimbe ukikaa kwenye 0.8 unavuta shiti ndani, na mfuniko ukifunguliwa funguliwa tundu linapanuka mpaka riveti inatoka nzima. Weka kipande cha alumini flati 1.5 kwa ndani. 1.2 + 0.8 + 1.5 = 3.5, na hapo 4x8 imeingia vizuri ndani ya kiwango chake. Na kwenye fremu hivyo hivyo, kichwa kiwe upande wa shiti, uvimbe uende kwenye engo.

kibiriti88
Mie kwenye bawaba naweka washa tu nyuma, inatosha, flati ni kuongeza gharama na uzito

mzee_wa_karakana
Washa inafanya kazi pia, mradi tundu lake libane riveti, lisiwe pana. Usisahau kuujumlisha unene wake. Mimi kwa mfuniko unaofunguliwa kutwa bado naenda flati.

Halafu tundu. Riveti ya 4 inataka 4.1, ukikosa hiyo biti 4.2 haina neno, 4.5 hapana. Ukishatoboa tenganisha shiti na engo, ondoa makali kwa biti kubwa uzungushe na mkono, upanguse vumbi la alumini. Chenga ikibaki katikati unadhani unabana 2.3 kumbe shiti hazijagusana. Bana na klampu karibu na tundu, mashine iwe imenyooka, kichwa kikae chini kabisa ndipo uvute.

Kuhusu 3.2 na 4.8, kwa 0.8 mimi sipandi 4.8, inavuta kwa nguvu shiti inabonyea kuzunguka kichwa. 3.2 inaweza, ila utafunga nyingi zaidi.

Fundi_Boksi_Mbagala
Poa, kesho naingia Kariakoo kwa 4x6. Zile 4x12 nilizokwishafunga nazitoaje bila kuharibu tundu?

nahodha_wa_kilindini
Kwanza gonga mabaki ya msumari yatoke kwa nyuma na panchi nyembamba, halafu toboa kichwa kwa biti ya 4 taratibu. Riveti ikianza kuzunguka na biti ishike kwa nyuma na plaizi, usiendelee kukandamiza, maana hapo ndipo tundu linapokuwa pana.